Moshi haukatiki, makaa yanarusha cheche, briketi haishiki: anza kwa kupima maji

Moto ukikusumbua jikoni, kitu cha kwanza kupima ni maji yaliyomo ndani ya kile unachochoma. Jiko, hewa na mkono wa mpishi vina nafasi yake na tutavifikia, lakini ukianza navyo unaweza kubadilisha jiko na moshi ukabaki palepale. Maji hujificha vizuri: gogo la mkaratusi lililokatwa wiki tatu zilizopita huonekana kavu kwa nje, gunia la makaa lililonyeshewa njiani hukauka juu likabaki na unyevu chini, na briketi iliyokaa juani siku mbili huwa ngumu ganda lake huku moyo wake bado ni tope.

Tuweke kwanza kipimo cha kawaida cha kila moja, ili ujue unalinganisha na nini. Kilo moja ya kuni iliyokauka vizuri, yaani yenye maji asilimia 20 ya uzito wake, hutoa joto la megajuli 14 hivi. Kilo moja ya makaa mazuri hutoa karibu 29. Briketi ziko katikati, na zinatofautiana sana kwa sababu inategemea zimetengenezwa na nini: ya vumbi la makaa iliyoshikizwa kwa udongo inaweza kuwa na 17 tu, na ya vumbi safi lililoshikizwa kwa uji wa muhogo ikapita 23. Briketi za maranda au makapi ya miwa ambayo hayakuchomwa kwanza kuwa makaa ni kuni iliyoshindiliwa, kwa hiyo joto lake na moshi wake ni wa kuni.

Vifaa vya kupimia ni vichache. Unahitaji mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, msumeno, na mahali pa kukaushia. Oveni ya nyuzi 103 hadi 105 ndiyo bora, lakini sehemu ya juu ya jiko la matofali linalobaki na joto usiku kucha inatosha, mradi uwe mvumilivu. Kata kipande cha sentimita mbili kutoka katikati ya gogo. Usikate mwishoni, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Pima mara moja, kausha, pima tena kila baada ya saa chache, hadi mara mbili mfululizo uzito usibadilike. Uzito uliopotea ukiugawa kwa uzito wa mwanzo, hiyo ndiyo asilimia ya maji.

Ukiwa na kipima unyevu cha umeme, kile cha sindano mbili, kumbuka kwamba vingi husoma maji kwa kulinganisha na mbao kavu, si na uzito wote. Kikisema 25, kwa hesabu ya makala hii ni 20. Kikipita 30 hivi usikiamini sana, kinachokuambia kwa uhakika ni kwamba kuni bado mbichi. Pasua gogo kwanza, kisha chomeka sindano kwenye uso mpya wa ndani.

Kuni: moshi mweupe usiokatika

Moshi mweupe katika dakika tano za kwanza ni wa kawaida, kwa sababu jiko bado baridi. Ukiendelea baada ya hapo, sababu ni moja kati ya mbili: kuni zina maji, au kuni ni nyingi kuliko hewa inayoingia. Kutenganisha sababu hizi ni rahisi. Toa nusu ya kuni zilizo jikoni na uache nafasi chini yake hewa ipite. Moshi ukipungua ndani ya dakika tatu na ndimi za moto zikainuka, tatizo lilikuwa kujaza jiko kupita kiasi. Moshi ukibaki, tazama ncha za kuni zilizo nje ya moto. Kuni mbichi hutoa povu na sauti ya kuchemka pale mwishoni, na wakati mwingine tone la maji ya kahawia. Ukiona hivyo usipoteze nguvu kupepea.

Dalili nyingine huonekana kabla ya kuwasha. Kuni kavu ina nyufa zinazotoka katikati kuelekea kingo, gome lake hubanduka kwa mkono, na ukigonga vipande viwili mlio wake ni mkali. Mbichi hulia dup, na ni nzito kuliko unavyotarajia ukiinyanyua. Dalili hizi zinatosha kwa mwenye mzigo mmoja wa kuni. Kwa anayenunua kwa lori, tumia mizani.

Chukua shule ya bweni upande wa Kakamega inayonunua lori la tani 7 za mkaratusi, linalopimwa kwa uzito na kulipwa kwa tani. Mpishi analalamika kwamba githeri inachukua saa moja zaidi na macho yanamwasha. Kipande kilichokatwa katikati ya gogo kina gramu 400. Baada ya kukauka kabisa kinabaki na gramu 220. Gramu 180 zilizopotea, ukigawa kwa 400, ni asilimia 45. Ina maana kwamba katika tani 7 zilizolipiwa, zaidi ya tani 3 ni maji, na kuni halisi ni tani 3.85. Kama lori hilohilo lingekuja na kuni za asilimia 20, shule ingepata tani 5.6 za kuni halisi kwa pesa ileile. Hasara ya kwanza basi imeingia ofisini, kabla ya kiberiti kuwashwa.

Hasara ya pili iko jikoni, na hapa wengi hukosea sababu. Huambiwa kwamba joto linaisha kwa kukausha maji. Hebu tupige hesabu. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke hula megajuli 2.6 hivi. Maji ya lori lile, kilo 3,150, yatakula kama megajuli 8,200. Kuni halisi zina megajuli 71,000. Kwa hiyo mvuke unachukua asilimia 11 au 12, na hata kuni kavu zingelipa sehemu ya gharama hiyo. Hicho si kiasi cha kuchelewesha githeri kwa saa nzima.

Kinachopotea kwa wingi ni gesi. Kuni ikipata moto hutoa gesi kwanza, na zaidi ya nusu ya joto lake limo ndani ya gesi hizo. Ili ziungue zote zinahitaji hewa na joto kali la nyuzi 600 na kuendelea pale ndimi zilipo. Maji yanayotoka ndani ya kuni hulishusha joto hilo, gesi zinapita bila kuungua, na ule moshi mweupe unaoona ni chakula cha moto kinachotoka mlangoni. Sehemu yake hugandia kwenye bomba la moshi kama lami nyeusi inayonata, na hicho ni kipimo kingine kizuri: masizi makavu ya unga hutokana na moto mkali, lami inayong'aa hutokana na kuni mbichi. Bomba likijaa lami huziba, hewa hupungua, moshi huongezeka, na mtu humlaumu fundi wa jiko.

Shule hiyo ifanye nini na tani 7 zilizokwisha kulipiwa? Ipasue kwanza. Gogo zima hukauka zaidi kupitia ncha zake mbili, kwa sababu gome huzuia maji. Ukilipasua mpaka vipande visizidi unene wa mkono, unafungua njia fupi. Kisha panga vipande juu ya mawe au mbao zilizoinuka sentimita 15 kutoka ardhini, kwa kupishanisha tabaka ili upepo upite katikati. Funika juu kwa mabati na uache pembeni wazi. Turubai la plastiki lililofunika hadi chini ni kosa la kawaida sana: linazuia mvua na pia linafungia mvuke ndani, na baada ya mwezi utakuta ukungu mweupe.

Ili ujue zimeiva, chagua vipande vitatu kutoka sehemu tofauti za lundo, vitie alama ndogo ya rangi, vipime na uandike uzito. Kutoka asilimia 45 kushuka hadi 20, kila kipande kinapaswa kubaki na asilimia 69 ya uzito wake wa kwanza. Cha kilo 6 kikifika kilo 4 na gramu 100, kiko tayari. Kwa vipande vya unene huo, miezi miwili au mitatu ya jua la Desemba hadi Februari hutosha. Lundo lililopangwa Aprili halitakauka kwa kasi hiyo, kwa sababu Kakamega hunyesha karibu kila alasiri, na hewa yenyewe imejaa unyevu. Kwa hiyo kuni za muhula wa pili zinunuliwe Novemba au Desemba. Na mkataba wa mwaka unaofuata uandikwe kwamba malipo yatashuka kadiri maji yanavyopanda juu ya asilimia 25, na kipande kitakatwa mbele ya dereva.

Kuna tatizo la upande wa pili, nadra lakini lipo. Kuni nyembamba zilizokauka mno, kama fito za siprasi zilizokaa juu ya dari ya jikoni, zikiingizwa nyingi kwa mpigo hutoa gesi kwa kasi kuliko hewa inavyoingia. Hapo moshi huwa mweusi. Dawa yake ni kuingiza chache chache, wala usizilowanishe.

Makaa: cheche, moshi, na kuisha haraka

Makaa ni kuni iliyokwisha kutolewa gesi zake ndani ya tanuri. Ndiyo maana hayatoi moshi, na ndiyo maana kilo yake ina joto maradufu. (Bei ya faida hiyo hulipwa msituni: tanuri la udongo la kawaida hula kilo 6 hadi 8 za kuni kutoa kilo moja ya makaa, na nyingi ya gesi hizo huishia hewani.) Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba makaa yakitoa moshi baada ya kushika, kuna kitu hakikukamilika.

Vunja kipande kimoja na utazame ndani. Makaa yaliyoiva huvunjika kwa mlio mwembamba wa kigae, na uso wa mvunjiko hung'aa mweusi. Yaliyotolewa tanurini mapema yana mistari ya kahawia, hupasuka kwa nyuzi kama mti, na yakiwaka hutoa ndimi za njano na harufu ya kuni. Hayo yana gesi bado. Hakuna namna ya kuyatengeneza jikoni isipokuwa kuyachagua na kuyawasha kwanza nje, hadi ndimi za njano ziishe, kisha uingize jiko ndani. Gunia likiwa na vipande vingi vya namna hiyo, rudisha, au nunua mahali pengine.

Cheche zina sababu nyingine. Makaa yakilia tatata na kurusha vipande dakika za mwanzo, kisha yakatulia, hayo ni maji: mvuke unajenga nguvu ndani ya vitundu vidogo na kupasua. Yatandaze juu ya mabati juani siku moja au mbili. Yakiendelea kurusha hata baada ya kushika vizuri, angalia kama kuna gome au mawe madogo yaliyozolewa pamoja nayo.

Sasa, je, makaa yenye maji ni wizi? Hapa jibu linategemea kipimo kinachotumika sokoni. Nakuru na Kisumu makaa huuzwa kwa gunia, debe au mkebe, na maji hayajazi mkebe. Makaa ya mkebe yaliyolowa ukiyaanika yanakurudishia joto karibu lote, hasara yako ni muda na vipande vichache vitakavyobomoka. Kinachokupunguzia haki kwenye mkebe ni wepesi wa makaa na vumbi la chini. Makaa ya mathenge yanayoshuka kutoka Marigat, au ya mgunga, ni mazito, na mkebe wake una mlo mrefu. Makaa ya siprasi ni mepesi, yanashika upesi na kuisha upesi. Mikebe miwili inaweza kuwa na bei moja na tofauti kubwa ya uzito. Pima mkebe wa kila muuzaji nyumbani mara moja tu, na utajua kwa nini jiko la jirani huwaka hadi ugali unapoiva na lako linahitaji kuongezwa.

Makaa mazito yakiisha haraka pia, kosa ni la hewa. Mlango wa jivu uachwe wazi wakati wa kuwasha na kuchemsha, kisha ufungwe mpaka ubaki ufa wa vidole viwili maharage yanapotokota. Jiko la udongo lenye ufa pembeni halidhibitiki, kwa sababu hewa inaingia kwa ufa hata mlango ukifungwa. Pitisha kijiti cha ubani kinachofuka kando ya jiko lililowaka: moshi wake ukivutwa ndani mahali pasipo mlango, hapo ndipo pa kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi.

Briketi: haishiki, inajifunika jivu, inavunjika

Hapa ndipo malalamiko ni mengi zaidi na mizani inasaidia zaidi, kwa sababu briketi mara nyingi huuzwa kwa kilo. Kila gramu ya maji na kila gramu ya udongo unailipia kama moto.

Vunja moja. Ndani ikiwa na rangi nyeusi zaidi kuliko pembeni, na baridi ukiigusisha mdomoni, haijakauka. Briketi iliyoanikwa kwenye jua kali mara tu ilipotoka kwenye mashine hukauka ganda kwanza, na ganda likiwa gumu maji ya ndani hukosa njia. Ikiwekwa jikoni hupasuka kwa kishindo au huzima katikati. Anayezitengeneza azianike siku ya kwanza kivulini penye upepo, kisha jua la siku tatu hadi tano huku akizigeuza. Mnunuzi azirudishe juani na kuzipima kila jioni hadi uzito usimame. Zilizoshikizwa kwa uji wa muhogo zisiguswe na mvua kamwe, kwani uji huyeyuka na briketi hurudi kuwa vumbi. Zikikaa kwenye unyevu wa wiki kadhaa huota ukungu. Za molasi kutoka ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil huvuta unyevu wa hewani hata bila mvua, na hutoa moshi wenye harufu tamu kabla ya kushika.

Ikiwa ni kavu na bado joto ni hafifu, pima jivu. Mfano wa kibanda cha samaki Kisumu kinachotaka kuacha makaa utasaidia. Mwenye kibanda anachukua gramu 200 za briketi anazouziwa. Baada ya kukausha zinabaki 176, kwa hiyo maji ni gramu 24. Anaziwasha peke yake kwenye kikaango cha chuma juu ya moto mkali mpaka hakuna kilicho cheusi hata akivunja, anaacha zipoe, anapima jivu: gramu 58. Kilichoungua kweli ni gramu 118. Anafanya vivyo hivyo kwa gramu 200 za makaa: yanakauka hadi 186, jivu ni 8, kilichoungua ni 178. Gawanya 118 kwa 178 upate theluthi mbili. Tuseme kilo ya makaa ni shilingi 60. Briketi hizo zinastahili shilingi 40 kwa kilo, na zikiuzwa 50 anapoteza, hata kama muuzaji anasema zinawaka muda mrefu.

Na kweli zinawaka muda mrefu. Udongo na jivu huzuia hewa kuingia haraka, kwa hiyo joto hutoka polepole. Makaa ya jiko moja yakimaliza kazi kwa saa mbili, briketi zenye udongo huweza kufika tatu au nne. Lakini muda mrefu na joto jingi ni vitu viwili. Kwa kupika maharage, kuchemsha maziwa ya mtindi au kuweka chai moto kutwa, briketi ni bora kuliko makaa. Kwa kukaanga samaki, mafuta yanahitaji kurudi kwenye joto lake haraka kila unapotumbukiza vipande vibichi, na briketi haziwezi. Samaki hunyonya mafuta na ngozi inalegea. Kibanda kile kinapaswa kubaki na makaa kwenye karai ya samaki na kuhamishia briketi kwenye sufuria ya supu.

Jivu la kupindukia lina chanzo chake pia. Maganda ya mpunga kutoka Ahero yana jivu jingi kwa asili, na yakichomwa kuwa makaa, jivu huwa zaidi ya theluthi ya uzito hata bila kutiwa udongo. Makapi ya miwa yana kidogo sana. Kwa hiyo muulize muuzaji malighafi ni nini kabla ya kumshuku kwamba amezidisha udongo. Vumbi la makaa linalozolewa chini ya vituo vya makaa huja na mchanga, na mtengenezaji mwangalifu hulipepeta kwanza.

Kuhusu kushika, briketi haiwashwi kama makaa. Tandaza chini vipande vichache vya makaa ya kawaida, yawashe yawe mekundu, kisha panga briketi juu kwa nafasi, mlango wa jivu ukiwa wazi kabisa. Subiri dakika 10 hadi 15, kingo zikigeuka kijivu weka sufuria. Usichochee. Briketi yenye udongo hubaki na umbo lake hata ikiisha, na ukiikoroga inamwagika kuwa unga unaoziba matundu ya chini. Jivu likiifunika na joto likashuka, igonge mara moja kwa ncha ya koleo lianguke. Briketi moja au mbili peke yake huzima, hazina joto la kusaidiana, kwa hiyo usipange chache ili kubana matumizi. Weka za kutosha kugusana, kisha punguza hewa.

Moto mzuri, chakula hakiivi

Wakati mwingine moto hauna kosa. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi na maji huchemka kwenye nyuzi 94. Kisumu, kando ya ziwa, ni karibu 96. Tofauti hiyo ndogo inatosha kurefusha maharage, na kuongeza kuni juu ya sufuria inayochemka tayari hakuongezi joto la maji hata kidogo. Mvuke tu ndio utakaozidi. Aliyehamia Nakuru kutoka Kisumu alowanishe maharage usiku, asilaumu makaa.

Angalia pia umbali kati ya moto na chini ya sufuria. Kwenye mafiga, kuni huwaka kwa ndimi ndefu, na sufuria ikae pale ncha za ndimi zinapofika. Makaa na briketi hutoa joto kwa kumulika, na sufuria ikiinuliwa sentimita 10 juu yake joto jingi hukimbilia pembeni. Aliyehamisha briketi kwenye mafiga ya kuni ataona matokeo mabaya kwa sababu hiyo tu. Jiko la makaa likijazwa nusu, hali ni hiyohiyo.

Hakuna moshi, lakini kichwa kinauma

Dalili hii ichukuliwe kwa uzito kuliko zote. Makaa na briketi zilizoiva hazitoi moshi, lakini hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Hutoka kwa wingi pale tunapofanya mambo yanayoonekana ya busara: kufunga mlango wa jivu ili moto udumu, na kuacha jivu liufunike. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi mzito kwa watu zaidi ya mmoja chumbani humo si mafua. Watoe wote nje mara moja, na aliyelegea apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu. Usiku wa baridi wa Julai huko Nakuru watu huingiza jiko chumbani lipashe joto. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kulinda watu waliolala, na kulifunika jiko kwa jivu hakulizimi. Jiko la makaa au briketi lilale nje, chini ya paa lisilo na kuta, na wala lisirudishwe ndani asubuhi mpaka ukoroge jivu lake kwa kijiti hadi chini na ulikute limepoa kabisa.